Kahawa ya Kila Mwezi: Bei, Njia na Mlango wa Kutokea

Ndugu zetu wafanyakazi wa mijini wamekwisha kuizoea biashara moja ambayo wazee wetu hawakuijua kwa jina, ingawa mizizi yake waliijua. Mtu hujiandikisha mara moja tu, kisha kila mwezi huletewa sanduku lenye kahawa, karanga, korosho au vitafunio vingine, bila ya kwenda dukani na bila ya kuagiza upya. Fedha hukatwa, sanduku hufika. Mwezi unaofuata hukatwa tena, na sanduku jingine hufika.

Mizizi hiyo wazee waliijua kwa sababu ya magazeti. Aliyetaka gazeti alijiandikisha, akatoa ada ya mwaka pamoja na gharama ya stempu, naye akaletewa kwa posta mpaka ada yake ilipokwisha. Hata jarida la Mwenge, lililochapwa pale Peramiho, liliwafikia wasomaji wake wengi kwa njia ya namna hiyo. Jambo la kuangalia ni hili: ada ilipokwisha, gazeti lilikoma. Mwenye gazeti hakuwa na uwezo wa kutia mkono katika mfuko wa msomaji na kuchukua ada ya mwaka wa pili. Ilimpasa amwandikie, ambembeleze, amkumbushe. Aliyenyamaza alihesabiwa kuwa ametoka.

Katika biashara ya leo, hasa ile ya Ulaya na Amerika, jambo hilo limepinduliwa. Anayenyamaza huhesabiwa kuwa yumo bado. Na kwa kuwa vijana wetu kadhaa, tangu mjini Songea hadi vijiji vya Peramiho na Maposeni, wanafikiria kuwapelekea watu wa Dar es Salaam kahawa ya Umatengo kwa mtindo huu, inafaa tulipime jambo hili kwa hesabu. Twende na kikaratasi na kalamu.

Kupinduliwa huko hakukuanza na mtandao. Mwaka 1926 palianzishwa huko Amerika chama cha wanunuzi wa vitabu kilichoitwa Book-of-the-Month Club. Mwanachama alipewa habari za kitabu cha mwezi. Akikikataa ilimlazimu kurudisha kikaratasi cha kukataa, na asipokirudisha kitabu kilimjia pamoja na deni. Usahaulifu wa mnunuzi ukawa rasilimali ya muuzaji. Mwaka 2010 kampuni ya Birchbox ilianza kuwapelekea wanawake visanduku vya vipodozi kila mwezi, na nyuma yake wakafuata wauza kahawa, vyakula, nyembe na vitafunio. Tofauti iliyoongezwa ni kadi ya benki. Namba ya kadi hubaki kwa muuzaji, naye huvuta fedha mwenyewe siku ikifika. Kile kikaratasi cha kukataa hakikuhitajika tena, na mnunuzi asiyekitafuta mwenyewe hakukiona.

Sasa tuje kwetu. Tuseme kuna kikundi cha watu 5 pale Maposeni. Kijiji hiki ni jirani ya Peramiho, na Peramiho iko yapata kilomita 25 kutoka mjini Songea. Watu wa huku mahindi ndiyo kazi yao ya kwanza. Kahawa wataipata Mbinga, kwa Wamatengo, kwa njia ya halali kupitia vyama vya msingi vya ushirika, wala si kwa kununua usiku mlangoni kwa mkulima. Watahitaji leseni ya Bodi ya Kahawa kwa kazi ya kukaanga, na Shirika la Viwango ndilo linaloangalia usalama wa chakula kinachofungwa na kuuzwa. Hayo wameyatimiza. Wanataka kuwapelekea wafanyakazi 30 wa Dar es Salaam nusu kilo ya kahawa iliyokaangwa kila mwezi. Bei nitakazozitaja ni za mfano. Msomaji aweke zile za msimu wake.

Kahawa safi iliyokobolewa ikikaangwa hupoteza maji na kupungua uzito. Kilo moja hutoa gramu 830 au 850 hivi, na ikikaangwa mpaka iwe nyeusi kabisa hupungua zaidi. Basi nusu kilo ya kahawa iliyoiva yataka gramu 600 za kahawa safi. Mwenye kusahau hesabu hii ndogo hujiona ana faida, kumbe faida yake imetoka na moshi. Kilo ya kahawa safi ikiwa shilingi 12,000, gramu 600 ni shilingi 7,200. Kuni au umeme na ujira wa mkaangaji tuweke 1,500. Mfuko mzuri wenye kitundu cha kutolea hewa, pamoja na lebo, 1,300. Jumla ni shilingi 10,000, na kahawa bado iko Maposeni.

Njia ya kwenda Dar es Salaam kupitia Njombe, Makambako na Iringa ni zaidi ya kilomita 900. Mtu angedhani hapo ndipo penye gharama. Sivyo. Katoni moja yenye mifuko yote 30, uzito wa kilo 15 na ushee, inaweza kupakiwa katika basi kwa shilingi 15,000, na kuifikisha Songea kutoka kijijini ni 3,000. Jumla 18,000, gawa kwa 30, kila mfuko umesafiri kilomita hizo zote kwa shilingi 600. Lakini basi likifika kituo cha Magufuli pale Mbezi, kazi ndiyo imeanza. Mnunuzi mmoja yuko Tegeta, mwingine Mbagala, mwingine Gongo la Mboto. Bodaboda ya kumfikia kila mmoja, tukipata wastani wa shilingi 4,000, inazidi safari ya kutoka Songea karibu mara 7. Sehemu ya mwisho ya njia, ile inayoonekana fupi kuliko zote, ndiyo inayokula fedha.

Tukijumlisha: kahawa 10,000, basi 600, bodaboda 4,000, na kwa makato ya kutuma na kutoa fedha pamoja na mfuko unaopasuka au kupotea tuweke 1,000. Gharama yote ni shilingi 15,600. Kikundi kikiuza kwa 18,000, hubaki 2,400 kwa kila mnunuzi, yaani 72,000 kwa mwezi. Ukigawa kwa watu 5, kila mmoja amepata shilingi 14,400. Si mshahara huo, na ni bora kulijua jambo hili kabla ya kununua mashine.

Wakiwa na wanunuzi wachache ni vibaya zaidi, kwa kuwa katoni hulipiwa nauli ile ile iwe na mifuko 30 au 4. Toa gharama ya kila mfuko isipokuwa ile ya katoni, yaani 15,000. Katika bei ya 18,000 hubaki 3,000 za kulipia safari ya katoni ya 18,000. Maana yake wanunuzi 6 huwafikisha kwenye sifuri. Wakipungua chini ya 6, kikundi kinawafadhili watu wa Dar es Salaam.

Hapa pana dawa ambayo wafanyakazi wenyewe wanaweza kuitoa. Ikiwa watu 10 wa ofisi moja, au wa bandari, au wa hospitali moja, wamejiandikisha pamoja, bodaboda moja ya 4,000 huwafikia wote, nayo huwa ni shilingi 400 kwa mtu. Gharama hushuka mpaka 12,000. Kikundi kinaweza kuwauzia kwa 15,000, kikabaki na 3,000 badala ya 2,400. Mnunuzi amepunguziwa shilingi 3,000 na muuzaji ameongezewa 600, na hapana aliyedhulumiwa isipokuwa njia ya barabarani iliyokuwa ikila bure. Kwa sababu hiyo yafaa ziwepo bei mbili zilizoandikwa waziwazi: ya kuchukua kazini, na ya kuletewa mlangoni. Yule anayetangaza kwamba usafiri ni wa bure ameuficha ndani ya bei ya kahawa, na mtu wa ofisini anamlipia mtu wa mbali pasipo kujua.

Sasa tufike penye kiini cha jambo. Muuzaji anayetafuta wanunuzi upesi hushawishika kutoa sanduku la kwanza kwa nusu bei. Huko ng'ambo desturi hiyo imeenea mno. Tuipime kwa kikundi chetu. Nusu ya 18,000 ni 9,000; gharama ni 15,600; hasara ya sanduku la kwanza ni 6,600. Kila sanduku linalofuata hurudisha 2,400. Kwa hiyo yatakiwa masanduku 3 zaidi ya bei kamili ndipo hasara ile ifutike. Mnunuzi anayeondoka baada ya sanduku la kwanza, la pili au la tatu, ameondoka na fedha za kikundi.

Bila shaka msomaji ameona linakotupeleka jambo hili. Muuzaji aliyeanza kwa nusu bei anakuwa na haja kubwa ya kumzuia mnunuzi asitoke mapema. Kama kahawa yake haimvutii mtu kubaki, atatafuta namna ya kuufanya mlango wa kutokea uwe mgumu. Atadai simu ipigwe saa za kazi tu. Atauliza maswali kwenye kurasa tano. Ataandika kwa herufi ndogo kwamba anayejiandikisha amekubali miezi minne. Wengi hudhani ugumu wa kujitoa ni ukorofi wa mtu. Mara nyingi umezaliwa katika bei ya siku ya kwanza. Ukiona sanduku la kwanza ni rahisi kupita kiasi, angalia mlango kabla ya kuingia.

Na si wachuuzi wadogo tu. Mwaka 2023 tume ya serikali ya Amerika inayosimamia biashara iliishitaki kampuni ya Amazon kwa madai kwamba iliwaingiza watu katika uanachama wake wa kulipia bila ridhaa yao ya wazi, na kuwawekea njia ndefu ya kujitoa. Katika hati ya mashitaka ilielezwa kwamba ndani ya kampuni njia hiyo ilipewa jina la Iliadi, yaani ule utenzi mrefu wa Kiyunani wa vita vya Troya. Wenyewe walijua urefu wake! Mwezi Septemba 2025 kampuni ilikubali kulipa dola bilioni 2.5, ambazo bilioni 1.5 kati yake ni za kuwarudishia wanunuzi, ingawa haikukiri kosa. Tume hiyo hiyo ilikuwa imetunga mwaka 2024 kanuni ya kutaka kujitoa kuwe kwepesi sawa na kujiunga. Mahakama ya rufani iliifuta mwezi Julai 2025, kwa sababu ya taratibu zilizorukwa katika kuitunga.

Wajerumani wamekwenda mbele zaidi. Kwa sheria yao, mkataba wa namna hii uliofungwa tangu tarehe 1 Machi 2022, muda wake wa kwanza ukiisha, hauwezi kumfunga mnunuzi mwaka mwingine. Unaendelea bila muda maalumu, naye anaweza kuukatisha kwa taarifa ya mwezi mmoja. Tangu tarehe 1 Julai 2022 kila muuzaji anayefunga mikataba hiyo kwenye mtandao ameamriwa kuweka kitufe kinachoonekana wazi, kilichoandikwa kwamba hapa ndipo pa kukatisha mkataba. Jambo dogo, kitufe! Lakini limeifanya ile nusu bei ya kwanza kuwa na hatari kwa muuzaji mwenyewe, na hapo ndipo penye nguvu ya sheria hiyo.

Nimewataja Wajerumani kwa sababu nyingine pia. Peramiho ina marafiki wengi huko tangu siku za wamisionari, na kila kijana anayekaanga kahawa huku huota ndoto ya kuwapelekea sanduku. Na aijue hesabu yake. Ujerumani hutoza kodi maalumu ya euro 2.19 kwa kila kilo ya kahawa iliyokaangwa, tena kodi ya mauzo juu yake, na tangu Julai 2021 ile ruhusa ya vifurushi vidogo kuingia Ulaya bila kodi ya mauzo imeondolewa. Juu ya hayo yote kuna gharama ya posta ya haraka, ambayo kwa nusu kilo huishinda bei ya kahawa yenyewe. Kahawa mbichi haitozwi kodi ile ya kukaangwa. Kahawa yetu huvuka bahari ikiwa mbichi katika magunia, ikakaangiwa huko, na faida ya kukaanga ikabaki huko. Sanduku la mwezi kwa Mjerumani ni zawadi. Biashara bado ni ya Dar es Salaam, Dodoma na Mbeya.

Turudi kwa mnunuzi wa Dar es Salaam. Yeye ana kinga moja ambayo mwenzake wa Amerika hana, nayo ni simu ya mkononi. Anapolipa kwa M-Pesa, Airtel Money au mtandao mwingine, kwa kawaida hutia namba ya siri yeye mwenyewe kila mara. Muuzaji hawezi kuvuta. Ni desturi ile ile ya LUKU na ya ving'amuzi vya televisheni: umelipa, unapata, hukulipa, giza. Kwa hiyo ukimya wa mnunuzi wetu una maana ile ya zamani ya magazeti, kwamba ametoka. Kikundi cha Maposeni hakihitaji kitufe cha Wajerumani. Kinahitaji kujua mapema nani amelipa, ili kisikaange kahawa isiyo na mwenyewe.

Hatari huhamia upande wa pili. Ikiwa fedha hutangulia, basi anayeweza kudhulumiwa ni yule aliyelipa miezi mitatu na akaletewa sanduku moja. Wahaya wanaijua nguvu ya fedha inayotangulia: katika butura mchuuzi humlipa mkulima kahawa ikingali mtini, kwa bei ya shida, na mavuno yakija si yake tena. Katika sanduku la mwezi fedha zinazotangulia huenda mkono mwingine, kutoka kwa mnunuzi kwenda kwa muuzaji, na kishawishi ni kuzihesabu kuwa mapato.

Hebu tulitazame. Kikundi kinatoa punguzo: anayelipa miezi mitatu kwa pamoja atatoa 51,000 badala ya 54,000. Watu 30 wakilipa, zimeingia shilingi 1,530,000 kwa siku moja. Kwa watu waliozoea kugawana 72,000, ni nyingi. Lakini siku hiyo hawajapata chochote. Wana deni la masanduku 90. Kila sanduku linapokabidhiwa, ndipo shilingi 17,000 huwa zao. Jambo la halali wanaloweza kufanya na fedha hizo ni kununua kahawa safi ya miezi yote mitatu wakati wa mavuno, kwa kuwa kahawa iliyokobolewa, ikiwekwa pakavu, hukaa miezi mingi bila kuharibika. Wasichopaswa kufanya ni kuikaanga yote. Iliyokaangwa huanza kuzeeka siku ile ile. Ikiwa punje nzima katika mfuko mzuri, hunywewa vema kwa wiki nne au sita. Ikisagwa, harufu yake hupungua ndani ya siku chache.

Na mnunuzi akitaka kutoka baada ya sanduku la kwanza? Hapa ndipo ugomvi huzuka, kwa sababu kuna hesabu mbili. Mnunuzi husema: nimetumia theluthi, nirudishieni theluthi mbili, yaani 34,000. Kikundi husema: punguzo lilikuwa la miezi mitatu, hukutimiza, basi sanduku ulilopokea ni la 18,000, na unarudishiwa 33,000. Hesabu zote mbili zina haki ndani yake. Mimi naipendelea ya pili, ila kwa sharti kwamba iliandikwa katika ujumbe wa kwanza kabisa, kabla fedha hazijatumwa, kwa maneno yasiyozidi mstari mmoja: "Ukitoka kabla ya muda, masanduku uliyopokea yatahesabiwa kwa 18,000, na zilizobaki utarudishiwa ndani ya siku 7." Shilingi 1,000 si kitu cha kugombania, kinachogombanisha ni kuambiwa baadaye.

Tena lazima iwepo siku ya kufunga orodha. Tuseme Jumapili jioni ya kwanza baada ya mishahara. Anayetaka kuacha, kuruka mwezi au kubadili anwani, aseme kabla ya hapo. Jumatatu kahawa hukaangwa. Kahawa mpya hutoa hewa ya ukaa kwa siku kadhaa, nayo ndiyo sababu ya kile kitundu katika mfuko; ikifungwa katika mfuko usio na kitundu mfuko hufura kama puto na hata kupasuka. Jumanne hufungwa na kutiwa tarehe ya kukaangwa, si tarehe ya kuharibika peke yake. Jumatano alfajiri katoni iko Songea penye basi. Usiku iko Dar es Salaam, Alhamisi hugawanywa kwa mafungu ya ofisi, na Ijumaa iko mezani pa mfanyakazi. Aliyetaka kujitoa Jumatatu asubuhi amechelewa kwa sanduku hili moja tu, wala si kwa jingine lolote.

Katika basi yapo mambo mawili ya kuangaliwa. La kwanza ni stakabadhi: iandikwe idadi ya katoni, thamani yake, namba ya gari na simu ya mhudumu wa gari, maana katoni isiyoandikwa thamani ikipotea, fidia yake huwa maneno. Mfuko mpaka umkabidhiwe mnunuzi ni mali ya kikundi, na ukipotea hasara ni ya kikundi. Ndiyo kazi ya zile shilingi 1,000 tulizotenga. La pili ni harufu. Kahawa hunyonya harufu za jirani zake. Katika tumbo la basi la Songea jirani huyo mara nyingi ni gunia la dagaa wa Ziwa Nyasa. Katoni ifungwe ndani ya mfuko mzito wa plastiki, na mpokeaji wa Mbezi aufungue na kunusa kabla gari halijaondoka. Katoni iliyolowa chini, au mifuko iliyonywea na yenye harufu ya samaki, irudishiwe lalamiko hapo hapo na ipigwe picha pamoja na stakabadhi.

Korosho za Tunduru na karanga zinaweza kuingia katika sanduku hilo hilo, na uzito wake hupunguza mgawo wa nauli. Ila karanga zina masharti yake: zikikaa na unyevu huota ukungu wenye sumu usioonekana kwa macho daima, na zikikaangwa mafuta yake huchacha upesi kuliko kahawa. Aanzaye aanze na kahawa.

Limebaki jambo moja, ambalo nalijua kwa dada yangu wa Tegeta. Alijiandikisha kwa muuza kahawa mmoja wa mjini, akawa anapelekewa nusu kilo kila mwezi. Nilipomtembelea mwezi wa sita nilikuta kabatini mifuko 3 haijafunguliwa. Kahawa yenyewe ilikuwa nzuri. Hakuwa na lalamiko lolote juu ya bei wala juu ya mletaji. Aliniambia kwamba anataka kujitoa, na aliona haya kumwambia kijana aliyekuwa akimletea.

Tulihesabu pamoja. Kikombe kimoja hutaka gramu 10 hivi. Nusu kilo ni vikombe 50. Dada hunywa kimoja asubuhi, na shemeji hunywa siku za mapumziko tu, kwa hiyo nyumba yao hutumia vikombe 38 au 40 kwa mwezi. Kila mwezi hubaki kumi na ushee, na baada ya miezi sita kuna mfuko mzima na zaidi. Ongeza mwezi mmoja aliokuwa safarini, na mwingine wa mfungo. Mifuko 3 imepatikana bila ya mtu kukosea. Tatizo lake lilikuwa kalenda. Muuzaji alihesabu miezi, na nyumba ile ilihesabu vikombe.

Muuzaji mwenye macho angemwuliza siku ya kwanza: mko wangapi mnaokunywa, na vikombe vingapi kwa siku? Angempelekea nusu kilo kila baada ya wiki 5, au robo tatu kila baada ya miezi miwili, na angempa neno jepesi la kujibu kwa simu, "ruka", litakaloahirisha sanduku moja bila ya kumtoa katika orodha. Kwa kikundi cha Maposeni, mtu anayeruka mwezi ni upungufu wa shilingi 3,000. Mtu anayetoka ni upungufu wa 3,000 za kila mwezi. Wakiondoka watu wa namna hiyo mmoja katika kila kumi kwa mwezi, wala asipatikane mpya, wale 30 watabaki 8 au 9 mwaka ukiisha, na tulikwisha kuona kwamba 6 ndiyo sifuri.

Dada hatimaye alimpigia yule kijana na kumweleza hesabu ya vikombe. Akajibiwa kwamba masanduku yao ni ya mwezi, hawana utaratibu wa wiki 5. Akajitoa siku ile ile, na mifuko mitatu ya kabatini ameimaliza mwezi uliopita. Sasa anauliza kama huku Songea kuna mtu awezaye kumpelekea nusu kilo, safari nane tu kwa mwaka, na yuko tayari kuichukua mwenyewe kazini kwake pamoja na wenzake tisa.